Mtoto mchanga ana mifupa mingi kuliko baba yake: hiyo mingine inakwenda wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Ninafundisha sayansi shule ya msingi huku Ilemela. Nimeombwa nizungumze redioni kwa dakika kumi katika kipindi cha watoto, na mada niliyopewa ni kazi za mifupa. Kitabu nilichonacho kinasema mtu mzima ana mifupa 206 na mtoto mchanga ana 300. Najua watoto wataniuliza hiyo mingine inakwenda wapi, na mimi mwenyewe sijui. Naomba unieleze niweze kuwajibu bila kuwadanganya.

Jibu: Marahaba mwalimu. Hakuna mfupa unaopotea. Inaungana. Vipande viwili, vitatu au vitano vilivyokuwa mbalimbali siku ya kuzaliwa vinashikana taratibu mpaka vinakuwa mfupa mmoja, na atakayehesabu baadaye atahesabu mmoja. Hilo ndilo jibu la watoto, na hata ukiishia hapo utakuwa umesema kweli. Lakini watoto wa redio nawajua, hawaishii hapo. Watataka kujua ni mifupa ipi, inaungana lini, na kwa nini Mungu asingeiumba imeungana tangu mwanzo. Kwa hiyo nitakupa zaidi ya dakika kumi, wewe mwenyewe utachagua.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii inafichua jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka.

Anza na uti wa mgongo. Mtoto ana pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, jumla 24. Chini yake, kati ya makalio, kuna pingili nyingine 5, kisha vipande vidogo vya kifandugu ambavyo kwa kawaida ni 4. Jumla 33. Kwako wewe mtu mzima zile 5 za kati ya makalio zimekuwa mfupa mmoja mpana wa pembe tatu, na kifandugu nacho huhesabiwa kuwa mfupa mmoja. Umebaki na 26. Hapo pekee tofauti ni 7.

Nenda kwenye nyonga. Mfupa wa nyonga wa mtu mzima ni mmoja kila upande, lakini mtoto ana vitatu kila upande. Vinakutana ndani ya kile kikombe ambamo kichwa cha mfupa wa paja kinakaa, na katikati yake pana gegedu lenye umbo la herufi Y. Vinashikana wakati wa kubalehe, wasichana wakitangulia. Tofauti: 4. Paji la uso la mchanga lina nusu mbili ambazo kwa watoto wengi huungana kabla ya kutimiza mwaka. Taya la chini nalo lina nusu mbili zinazoungana kidevuni ndani ya mwaka huohuo wa kwanza. Kisogo kina vipande 4 vinavyokuwa kimoja mtoto akiwa wa umri wa kuanza darasa la kwanza hivi. Hapo umeongeza 1, na 1, na 3.

Jumlisha: 7 na 4 na 5 ni 16. Ukiziongeza kwenye 206 unapata 222. Bado tuko mbali na 300.

Sasa rudi kwenye pingili. Nilizihesabu 24 kana kwamba kila moja ni mfupa mmoja, kumbe mtoto anapozaliwa kila pingili ina vipande vitatu: kiwiliwili cha mbele na nusu mbili za tao la nyuma linalofunika uti wa fahamu. Pingili mbili za juu kabisa za shingo zina mpangilio wao wa pekee, tuziache. Zilizobaki 22 zina vipande viwili vya ziada kila moja, yaani 44. Sasa tumefika 266, karibu na ile 270 utakayoikuta katika vitabu vingine. Ukiingia pia kwenye zile pingili za kati ya makalio, kidari, na mifupa ya pembeni mwa fuvu, idadi inaendelea kupanda. Lakini ukiamua kutohesabu kitu ambacho bado ni gegedu tupu, inashuka: mtoto mchanga hana hata mfupa mmoja mgumu kati ya ile minane ya kifundo cha mkono, na pia ya goti lake ni gegedu mpaka afikishe miaka mitatu hadi mitano, wengine sita.

Ndiyo sababu kitabu kimoja kinasema 270 na kingine 300. Anayeandika 300 na anayeandika 270 wanahesabu vitu tofauti kidogo. Hewani sema "kati ya 270 na 300 hivi, kutegemea unavyohesabu", na usimruhusu mtangazaji akubane kwa namba moja.

Nimetaja gegedu mara kadhaa na watoto wasipolielewa hilo hutafika popote. Waambie washike sikio na kulikunja. Kile kigumu kidogo kinachorudi chenyewe ndicho gegedu. Sehemu kubwa ya mifupa yetu inaanza hivyo tumboni mwa mama: kwanza linatengenezwa umbo lote la mfupa kwa gegedu, halafu mahali fulani katikati yake panaanza kuingia mishipa ya damu na madini, na ugumu unasambaa kutoka hapo. Mfupa mrefu kama wa paja huanza kuwa mgumu katikati, na ncha zake zinabaki gegedu kwa miaka. Baadaye ndani ya kila ncha panatokea punje mpya ya mfupa, inakua peke yake, imetengana na shina.

Chukua huo mfupa wa paja, maana ndio mrefu kuliko yote. Siku ya kuzaliwa shina ni gumu, na kwenye ncha ya gotini kuna punje moja ndogo iliyotokea wiki za mwisho za ujauzito. Kichwa cha juu kinachoingia nyongani hakina mfupa kabisa. Punje yake inaonekana mtoto akiwa na miezi minne hadi sita hivi. Nundu kubwa ya pembeni, ile unayoigusa ukiweka kiganja ubavuni mwa nyonga, inapata punje yake karibu miaka mitatu au minne. Nundu ndogo ya ndani inasubiri mpaka mtoto akaribie kubalehe. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa darasa la sita ana paja lenye vipande vitano, na atakapokuwa na miaka 18 au 19 vitakuwa kimoja. Unaona kwamba vipande vingine havikuwepo hata siku ya kuzaliwa. Vinatokea, vinakaa peke yao miaka kadhaa, ndipo vinaungana.

Kama unataka watoto walione jambo hili kwa macho, huhitaji maabara. Waambie siku nyumbani kukipikwa kuku wa kisasa, wale wanaochinjwa wakiwa na wiki tano au sita, wachukue kidari na kubonyeza ncha yake ya nyuma. Itakunjika kama gegedu la sikio, kwa sababu ndilo lenyewe. Siku ya kuku wa kienyeji aliyetaga miaka miwili, wabonyeze mahali hapohapo, haitakunjika. Bibi zao walikuwa wakipima umri wa kuku sokoni kwa njia hiyohiyo kabla ya kulipa. Mbuzi anafundisha vizuri zaidi. Supu ya mbuzi mdogo ikichemka muda mrefu, kile kichwa cha mfupa wa mguu huchomoka chenyewe na kubaki sahani ndogo mkononi, chini yake pana mawimbimawimbi, na ncha ya shina iliyobaki ina mawimbi yanayolingana nayo. Hapo ndipo palipokuwa na gegedu. Mbuzi mzee hata umchemshe siku nzima kichwa hakitoki.

Hapo kati ya kichwa na shina ndipo lilipo jibu la "kwa nini". Mimi huita mahali hapo ukanda wa ukuaji. Mfupa mgumu hauwezi kujivuta. Unaweza kunenepa kwa kuongezewa tabaka kwa nje, lakini kwa urefu, kitu kigumu kilichofungwa pande zote hakina pa kukulia. Kwa hiyo mwili unaacha ukanda mwembamba wa gegedu karibu na ncha. Chembe zilizo upande wa ncha zinagawanyika na kujipanga safu safu, zile za nyuma zinavimba, zinapokea madini, zinakufa, na mfupa mpya unachukua nafasi yake upande wa shina. Ukanda unabaki na unene uleule huku shina likirefuka. Kila mtoto unayemwona amefupishiwa kaptula na mwaka mmoja tu, urefu ule umetengenezwa kwenye kanda hizi. Kwa mguu, sehemu kubwa inatengenezwa karibu na goti. Kwa mkono ni kinyume, begani na kwenye kifundo cha mkono, siyo kwenye kiwiko.

Wakati wa kubalehe homoni ya estrojeni, ambayo wavulana pia wanayo kwa kiasi chao, inauambia ukanda uache kazi. Gegedu linaisha, kichwa kinashikana na shina, na urefu umekwisha. Wasichana hufika hapo kama miaka miwili kabla ya wavulana. Baada ya hapo hakuna dawa, maziwa wala zoezi la kuning'inia kwenye mti litakaloongeza urefu wa mfupa wa mguu, na ukiweza liseme hilo hewani, kwa sababu kuna watu wanauza vidonge vya kurefusha watu.

Kuhusu kichwa sababu ni nyingine, ni njia ya kuzaliwa. Mifupa ya fuvu la mchanga imetenganishwa na utando, hivyo inapopita kwenye nyonga ya mama inapandana kidogo kingo kwa kingo na kichwa kinakuwa chembamba. Ndiyo maana watoto wengine huzaliwa na kichwa kirefu kinachoshangaza mashangazi, na ndani ya siku chache kinarudi sawa. Mahali mifupa kadhaa inapokutana panabaki nafasi laini. Ya nyuma hufungwa katika miezi miwili au mitatu ya kwanza, na ile ya mbele, utosi ambao kila mama anaujua, hufungwa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Utosi kudundadunda ni kawaida. Kwa mtoto anayeharisha, utosi ukibonyea ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Ukitutumka na kuwa mgumu mtoto akiwa ametulia, tena ana homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kupaka dawa ya majani juu ya utosi hakubadilishi lolote kati ya hayo mawili, na kunachelewesha watu.

Sasa nikusimulie kisa kimoja, maana ndicho kilichonifanya nione umuhimu wa wazazi kujua habari ya ukanda huu. Mvulana wa miaka 11 alikuwa akicheza kwenye majabali ya Mabatini, akateleza, akaanguka kwa kukinga kiganja. Kifundo cha mkono kikavimba. Alipigwa eksirei mahali fulani, na mama yake alikuja kwangu kesho yake ameshika picha huku analia: ameambiwa mifupa yote miwili ya mkono imekatika, na kweli kwenye picha alionyeshwa mstari mweusi umekata mfupa wa upande wa gumba na mwingine umekata wa upande wa kidole cha mwisho.

Nikampiga eksirei ya mkono mzima, yaani ule ambao haukuumia. Mistari miwili ileile ilikuwepo. Gegedu halionekani kwenye eksirei, kwa hiyo ukanda wa ukuaji wa mtoto yeyote wa miaka 11 unaonekana kama mfupa umekatwa kwa msumeno. Ule mstari wa upande wa kidole cha mwisho ulifanana kabisa mikono yote miwili: mahali palepale, upana uleule, kingo zake zina rangi nyeupe safi na zimelainika. Huo haukuwa mvunjiko. Lakini kwenye mfupa wa upande wa gumba, ukitazama picha iliyopigwa kutoka pembeni, kile kifuniko cha ncha kilikuwa kimesogea nyuma milimita chache kutoka kwenye shina, na kona ndogo ya shina ilikuwa imebanduka nacho. Nilipobonyeza kwa ncha ya kidole juu ya mstari huo mtoto aliruka. Nilipobonyeza ule mwingine hakujali. Kwa hiyo aliyemwambia mama habari ile alipatia nusu. Kulikuwa na mvunjiko mmoja, na ulipita kwenye ukanda wa ukuaji.

Mtu mzima akianguka hivyo, mfupa unapasuka au kano za kiungo zinachanika. Mtoto hujeruhiwa kwenye ukanda kwa sababu gegedu ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo chake. Hivyo ukisikia mtoto "ameteguka tu" kifundo, na maumivu yako juu ya mfupa wenyewe, usikubali haraka. Tena kuna mvunjiko wa ukanda usioonekana kwenye picha kabisa, kwa kuwa kifuniko hakijasogea. Hapo kidole cha daktari kinachotafuta mahali panapouma kina thamani kuliko filamu.

Mtoto tulimpa dawa ya usingizi, tukakirudisha kifuniko mahali pake kwa mvuto wa pole na msukumo mmoja, tukafunga hogo kutoka chini ya kiwiko. Picha ya kuhakikisha ilipigwa baada ya wiki moja, hogo likatolewa baada ya wiki nne. Mifupa ya watoto inaunga haraka na uzuri huo una upande wake wa pili: baada ya siku saba hadi kumi kifuniko kimeshaanza kushika, na ukilazimisha kukivuta tena unaweza kuukwangua ukanda wenyewe na kuua chembe zake. Mtoto huyu akija baada ya wiki mbili ningeacha hapohapo palipo, nitegemee ukuaji unyooshe wenyewe, na kwa miaka 11 una muda wa kunyoosha.

Kilichonifanya nimwite tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka ni hesabu rahisi. Karibu robo tatu ya urefu wa mfupa ule wa upande wa gumba, au zaidi kidogo, inatengenezwa kwenye ukanda wa kifundo. Ukanda ukifa, mfupa wa upande wa gumba unaacha kukua na mwenzake unaendelea kurefuka, mkono unaanza kupinda kuelekea gumba. Hutokea kwa wachache kwa aina hii ya mvunjiko, lakini huwezi kujua siku ya kwanza. Wake ulikua vizuri.

Wengi huku Kanda ya Ziwa hupitia kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa, na sitawatukana, wapo wenye mikono ya busara. Tatizo langu ni vile vijiti vinavyokazwa kwa kamba siku ya kwanza kabla uvimbe haujamaliza kuja. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au mtoto akilia kwa uchungu unapomnyoosha vidole taratibu, kamba ifunguliwe saa hiyo, isisubiri asubuhi. Hiyo ni kweli kwa hogo la hospitali pia.

Nimekaa sana kwenye kuungana na kukua, na mada uliyopewa ni kazi za mifupa. Kusimama, kulinda ubongo na moyo, kuwa nyenzo za misuli: hayo watoto wanayajua au watayakisia, wape dakika moja. Dakika zilizobaki wape kazi ambayo haionekani kwa nje, kutengeneza damu. Ndani ya mifupa mna uboho mwekundu, na hapo chembe nyekundu za damu zinatengenezwa kwa kasi ya takriban milioni 2 kila sekunde kwa mtu mzima. Kwa mtu mzima kazi hiyo imebaki kwenye pingili, nyonga, kidari, mbavu, fuvu na ncha za juu za paja na mkono. Kwa mtoto mchanga inafanyika karibu katika kila mfupa, mpaka kwenye vifupa vya vidole.

Hapa kwetu jambo hilo lina uso wake. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Chembe zao nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo, na kwa kuwa uboho unafanya kazi mpaka vidoleni, dalili ya kwanza kwa wengi, kati ya miezi sita na miaka miwili, ni viganja na nyayo kuvimba ghafla, mara nyingi pande zote mbili, mtoto analia ukimgusa na hakuanguka popote. Watu humpaka mafuta wakidhani ni baridi au amelaliwa vibaya. Anatakiwa kupimwa damu. Baada ya miaka mitano au sita dalili hiyo ya vidole hupotea kwa sababu uboho mwekundu umeshahama kutoka vidoleni, maumivu yanahamia mifupa mikubwa. Wazazi huambiana "amepona". Hajapona.

Kazi ya tano ni ghala. Asilimia 99 ya kalsiamu yako iko kwenye mifupa na meno, na damu ikipungukiwa, moyo na misuli haviwezi kusubiri chakula cha mchana, mwili unachota ghalani. Kwa mtoto anayekua uhaba unaonekana kwenye ukanda uleule wa ukuaji: gegedu linarundikana bila kupokea madini, vifundo vya mikono vinanenepa, miguu inapinda. Jua, linalousaidia mwili kupata vitamini D ya kunyonya kalsiamu, tunalo. Chakula cha kalsiamu tunacho pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, dagaa, kwa sababu analiwa mzima na mifupa yake. Minofu ya sangara ni mizuri kwa protini, lakini mifupa yake inabaki sahanini na kalsiamu inabaki nayo. Mtoto aliyeanza kula dagaa waliosagwa kwenye uji kwa kawaida hahitaji vidonge vya kalsiamu vya dukani.

Na kama kipindi kinasikilizwa na wavulana, wamalizie na mpira. FIFA ilianza kutumia kipimo cha emuaraii cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nijeria, na CAF nayo inakitumia kwa mashindano ya umri ambayo Serengeti Boys hucheza. Kinachotazamwa ni ukanda uleule wa mfupa wa upande wa gumba niliokusimulia. Ukikutwa umeshashikana kabisa, mchezaji anaondolewa, kwa kuwa ni nadra sana kijana wa kiume kushikana kikamilifu kabla ya kutimiza 17. Kipimo kina mpaka wake: ukanda ulio wazi hauthibitishi kwamba mtu ana miaka 16, maana kuna wenye 18 na 19 ambao bado hawajafunga. Kinaweza kumkamata aliyepunguza miaka mingi. Aliyepunguza miwili anaweza kupita. Mfupa wa mwisho kufunga mwilini, mtulinga upande wa kifuani, unangoja mpaka miaka ishirini na mitatu, minne, mara nyingine zaidi, kwa hiyo hata mtangazaji atakayekuhoji, kama ni kijana, huenda bado hajafikisha 206.